Maembe manne na swichi mbili za ngazi: nilivyoeleza mitandao ya neva kwa wanachama wapya

Mwaka wa masomo unapoanza, mwezi wa Novemba hivi, klabu yetu ya kompyuta hufanya jioni ya kuwakaribisha wanachama wapya. Kunakuwa na soda na karanga, mwenyekiti anaeleza ada na ratiba, kisha mtu mmoja wa mwaka wa tatu anapewa dakika ishirini aeleze mitandao ya neva ni kitu gani. Safari hii zamu iliniangukia mimi. Naandika kwa ajili ya atakayeangukiwa mwakani, hapa au chuo kingine, kwa sababu dakika ishirini ni chache kuliko zinavyosikika na sehemu ngumu haipo pale unapoitarajia.

Hadhira yenyewe ni mchanganyiko. Wapo wa sayansi ya kompyuta ambao tayari wameshasikia maneno mengi kuhusu akili mnemba, wapo wa kilimo, wa sheria, wa ualimu, na wapo waliofuata soda. Hesabu ambayo wote wanaikumbuka bila kuumia ni kujumlisha, kutoa na kuzidisha namba ndogo. Nikaamua kwamba chochote kisichoelezeka kwa hesabu hiyo hakiingii jioni ile.

Slaidi za kurithi zilianza na picha ya ubongo, nami nikaiondoa. Si kwamba ni uongo: Warren McCulloch na Walter Pitts walipochora nyuroni ya kwanza ya kihesabu mwaka 1943, walikuwa wanafikiria seli za ubongo kweli. Tatizo ni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajui seli ya ubongo inajifunzaje, kwa hiyo unamweleza asichokijua kwa kitu kingine asichokijua. Pia unafungua mlango ambao hutaweza kuufunga. Mimi mwenyewe nilipokuwa mgeni kwenye klabu, nusu ya muda iliishia kwenye mjadala wa kama mashine inaweza kuwa na roho. Mjadala ulikuwa mtamu, lakini tulitoka bila kujua hata nyuroni moja inafanya hesabu gani.

Nilipotafuta mfano mwingine nilijiwekea sharti moja: lazima ubebe namba. Mfano wa maneno matupu unamfanya msikilizaji atikise kichwa, na kutikisa kichwa si kuelewa. Nilitaka mfano ambao tukiufanyia hesabu ubaoni, jibu litoke lilelile ambalo kompyuta ingelitoa, hatua kwa hatua. Na nilitaka nijue mapema unavunjikia wapi.

Msimu wenyewe ulikuwa wa maembe, kwa hiyo sokoni nilikwenda na hela kidogo ya mfukoni na kurudi na mfuko. (Klabu haikunirudishia. Ukipewa zamu hii, omba fedha kabla, si baada.) Swali likawa hili: bila kulikata, utajuaje kama embe limeiva? Watu wakataja rangi, ulaini, harufu, sauti ukiligonga. Nikachukua mbili tu, rangi na ulaini, na nikazifanya ziwe za ndiyo au hapana. Rangi: 1 kama lina njano, 0 kama ni kijani. Ulaini: 1 kama linabonyea kidogo kidoleni, 0 kama ni gumu. Wenye maswali ya "vipi kama ni njano nusu" niliwaambia wangoje, na kweli wanastahili jibu, kwa sababu mitandao halisi hupokea namba za katikati bila shida. Jioni hiyo nilitaka hesabu iingie kichwani kwanza.

Nyuroni nikaieleza hivi. Kila dalili ina uzito, yaani namba inayosema dalili hiyo inaaminiwa kiasi gani. Halafu kuna namba moja ya pembeni, ambayo vitabuni huitwa bayasi, nami nikaiita msimamo: ni hali ya mnunuzi kabla hajaliona embe. Msimamo ukiwa chini ya sifuri, mnunuzi ni mgumu, anahitaji kushawishiwa. Nyuroni inazidisha kila dalili kwa uzito wake, inajumlisha, inaongeza msimamo. Jumla ikizidi sifuri inasema "limeiva". Isipozidi, hata ikiwa sifuri kamili, inasema "bichi". Kazi yote ya nyuroni moja ndiyo hiyo.

Badala ya kuandika ubaoni peke yangu, niliwaita watu watatu mbele na kuwapa karatasi. Mmoja alishika uzito wa rangi, wa pili uzito wa ulaini, wa tatu msimamo. Nakushauri ufanye hivihivi. Namba iliyoandikwa ubaoni haina mwenyewe, lakini namba iliyoshikwa na mtu inapobadilika, kila mtu anamwona aliyebadilika na anauliza kwa nini.

Tukaanza na mnunuzi anayeamini rangi peke yake: uzito wa rangi 2, uzito wa ulaini 0, msimamo −1. Nilichagua mwanzo huo makusudi, kwa kuwa ndivyo wengi wetu tunavyonunua, na nilitaka waone imani ikibomolewa na ushahidi.

Maembe yalikuwa manne. La kwanza la njano na laini. La pili la njano lakini gumu, lile lililopigwa na jua upande mmoja likapata shavu la rangi kabla ya wakati wake. La tatu la kijani na laini, kwa maana yapo maembe yanayoiva ngozi ikibaki kijani. La nne la kijani na gumu. Nilikuwa na kisu, na kila nyuroni ilipomaliza kusema neno lake, tulilikata embe kuona ukweli. La kwanza na la tatu yalikuwa yameiva, la pili na la nne bichi.

Hapo kwenye kisu nilisimama kidogo. Embe likishakatwa haliuziki. Kupata jibu sahihi la kumfundishia mashine kuna gharama, na katika kazi halisi gharama hiyo mara nyingi huizidi ya kompyuta: daktari anapaswa akae na picha za eksirei aandike hii ina tatizo na hii haina, moja baada ya nyingine.

Kanuni ya kujifunza ni fupi. Nyuroni ikipata, hakuna anayeguswa. Ikisema "limeiva" wakati ni bichi, kila dalili iliyokuwa na 1 inapunguziwa uzito kwa 1, na msimamo nao unapungua kwa 1. Ikisema "bichi" wakati limeiva, kinyume chake: dalili zilizokuwa na 1 zinaongezewa 1, na msimamo unaongezwa 1. Dalili iliyokuwa 0 haiguswi.

Embe la kwanza: 2 + 0 − 1 ni 1, imezidi sifuri, "limeiva", ni kweli. Embe la pili, la njano na gumu: 2 − 1 ni 1, "limeiva". Kisu kikasema bichi. Mwenye rangi akashuka kutoka 2 hadi 1, msimamo ukashuka hadi −2. Hapo dada aliyeshika ulaini akauliza, "Kaka, mbona mimi sibadilishi?" Ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Embe lilikuwa gumu, ulaini ulikuwa 0, na uzito wowote ukizidishwa kwa 0 hautoi kitu. Hakuchangia kwenye kosa lile, kwa hiyo kosa lile halimfundishi chochote. Tafadhali usiliharakishe jambo hili. Mtu akielewa kwa nini yule dada hakubadilisha karatasi yake, ameelewa nusu ya namna mitandao mikubwa inavyogawa lawama.

Embe la tatu, la kijani na laini: rangi haimo, ulaini una uzito 0, msimamo −2. Jumla −2, "bichi". Kisu kikasema limeiva. Ulaini ukapanda hadi 1, msimamo ukarudi −1. Embe la nne: −1, "bichi", kweli. Raundi ya kwanza ikaisha na rangi 1, ulaini 1, msimamo −1.

Raundi ya pili tuliyapitia maembe yaleyale. La kwanza: 1 + 1 − 1 ni 1, sawa. La pili: 1 − 1 ni 0, haikuzidi sifuri, "bichi", sawa. La tatu nalo: 1 − 1 ni 0, "bichi", kosa. Ulaini ukawa 2, msimamo 0. La nne: 0, sawa. Raundi ya tatu: la kwanza 3, sawa. La pili 1 + 0, "limeiva", kosa tena! Watu wakaguna, maana raundi iliyopita lilikuwa limepatikana. Rangi ikashuka hadi 0, msimamo ukarudi −1. La tatu: 2 − 1 ni 1, sawa. La nne: −1, sawa. Raundi ya nne yote manne yakapita bila mtu kugusa karatasi.

Tazama karatasi zilivyoishia: rangi 0, ulaini 2, msimamo −1. Kijana aliyeanza na namba kubwa kuliko wote alibaki na sifuri mkononi, na hakuna aliyeiambia nyuroni kwamba rangi inadanganya. Huku kurudi nyuma kidogo katikati, kupata jambo kisha kulikosa tena, ni kawaida wakati wa kufundisha, na ni vizuri walione kwa macho kabla hawajakutana nalo kwenye skrini wakadhani programu imeharibika.

Nilitaja pia kwamba mchezo wetu wa karatasi si mbali na historia. Kanuni hii ilitoka kwa Frank Rosenblatt, aliyeandika mwaka 1958 kuhusu perseptroni, yaani mashine ya nyuroni inayojifunza kwa kukosea. Mashine iliyojengwa kwa wazo lake, Mark I, ilikuwa na seli 400 za kuhisi mwanga, na uzito wake ulikuwa vifundo vya umeme, kama kile cha kuongezea sauti ya redio, vilivyozungushwa na mota ndogo mashine ikikosea. Kwa maneno mengine, kwake yeye pia uzito ulikuwa kitu unachoweza kukiona kikigeuka.

Kwa wanaotaka kuirudia hesabu hii wakifika hosteli, niliwapa mistari hii ya Python:

```python
data = [((1,1),1), ((1,0),0), ((0,1),1), ((0,0),0)]
w, b = [2, 0], -1
for raundi in range(4):
    for x, jibu in data:
        y = 1 if w[0]*x[0] + w[1]*x[1] + b > 0 else 0
        kosa = jibu - y
        w = [w[0] + kosa*x[0], w[1] + kosa*x[1]]
        b = b + kosa
    print(w, b)
```

Itaandika `[1, 1] -1`, kisha `[1, 2] 0`, kisha `[0, 2] -1` mara mbili, sawasawa na karatasi zetu.

Kabla sijasonga mbele, mwanafunzi mmoja wa kilimo akanyoosha mkono. Akasema embe lililoangushwa na kupondeka nalo linabonyea, lakini ndani ni bichi, tena lina doa. Yuko sahihi kabisa. Nyuroni yetu ingelinunua kwa furaha, kwa sababu katika maembe manne iliyofundishiwa, kila laini lilikuwa limeiva. Nilikuwa nimepanga kulisema hili mwishoni kwa maneno yangu, lakini limetoka kwa anayeyajua maembe, na lilisikika zaidi. Ongezeko la raundi halisaidii hapo. Kinachohitajika ni maembe yaliyopondeka kwenye data, na pengine dalili ya tatu.

Nusu ya pili ya mazungumzo ndiyo iliyonigharimu usingizi. Wengi wanaoeleza nyuroni wanaishia hapa, wanasema "sasa zipange nyingi", wanaonyesha mchoro wa duara na mishale mingi, wanashukuru. Msikilizaji haelewi kwa nini zinahitajika nyingi. Kama moja imeweza kujifunza maembe, zinazobaki ni za nini?

Nikawauliza kama wanaijua taa ya ngazi hosteli kwao, ile yenye swichi mbili, moja chini na moja juu. Ukiwasha chini, unazima ukifika juu. Wote wanaijua. Tukaiandika kwa namba: swichi ikiwa upande mmoja ni 1, upande mwingine ni 0. Swichi zikiwa sawa, zote 0 au zote 1, taa imezimwa. Zikitofautiana, inawaka. Mistari minne tu, kama maembe. Nikawarudisha wale watatu mbele, karatasi zote zikiwa 0, tukaanza kuifundisha nyuroni yetu ileile.

Nenda nayo mwenyewe kwa mpangilio huu: (0,0), (0,1), (1,0), (1,1). Mwisho wa raundi ya pili swichi ya kwanza ina −1, ya pili 0, msimamo 1. Raundi ya tatu nyuroni inakosea mistari yote minne, na mwishowe karatasi zinasoma −1, 0, 1. Zilezile. Kwa kuwa kanuni haibadiliki na mwanzo wa raundi ni uleule, raundi ya nne itakuwa kama ya tatu, na ya elfu pia. Kijana aliyeshika msimamo alikuwa wa kwanza kuliona. "Tunazunguka," akasema, na akaketi.

Sababu inaelezeka bila grafu. Swichi zote zikiwa 0 taa inatakiwa izime, kwa hiyo msimamo peke yake hauruhusiwi kuzidi sifuri. Swichi ya kwanza peke yake inatakiwa kuwasha, kwa hiyo uzito wake lazima uwe mkubwa wa kutosha kuushinda msimamo huo. Swichi ya pili vivyo hivyo. Sasa ziwashe zote mbili. Kama kila moja peke yake ilitosha kuvuka mstari, mbili kwa pamoja zitauvuka kwa mbali zaidi, lakini tunataka taa izime. Hakuna namba itakayotimiza yote manne. Si suala la kujitahidi wala kuongeza data. Marvin Minsky na Seymour Papert waliuweka wazi udhaifu wa aina hii mwaka 1969, na watu wengi wakaipa kisogo kazi ya nyuroni kwa miaka kadhaa.

Hapa ndipo mfano wa maembe ulipovunjika mbele yao, na ndivyo nilivyotaka. Mnunuzi anayejumlisha dalili hawezi kufikiri "mojawapo, lakini si zote". Nikauliza: ukiruhusiwa kuwa na wasaidizi wawili wanaokuletea taarifa kabla hujaamua, ungewatuma waangalie nini? Ukimya ulikuwa mrefu kuliko nilivyozoea, na nilijizuia kusema. Hatimaye akasema mtu wa safu ya nyuma, wa sheria: mmoja aniambie kama kuna angalau swichi moja iliyo 1, mwingine aniambie kama zote ni 1.

Tukawapa namba. Msaidizi wa kwanza: uzito 1 na 1, msimamo −0.5, kwa hiyo swichi moja inatosha kumfanya aseme ndiyo. Wa pili: uzito 1 na 1, msimamo −1.5, anahitaji zote mbili. Nyuroni ya mwisho haizioni swichi kabisa, inawasikiliza hawa tu: wa kwanza ana uzito 1, wa pili −2, msimamo −0.5. Zote 0: wasaidizi wote kimya, jumla −0.5, taa imezimwa. Moja ikiwa 1: wa kwanza anasema ndiyo, 1 − 0.5 ni 0.5, inawaka. Zote 1: wote wawili wanasema ndiyo, 1 − 2 − 0.5 ni −1.5, imezimwa. Hao wasaidizi ndio wanaoitwa safu iliyofichwa, na sasa kila aliyekuwa mle ndani alijua wapo kwa ajili ya nini.

Namba hizo tuliziweka wenyewe, bila kuzifundisha. Nililisema hili wazi, kwa sababu ukilinyamazia unaacha tundu kubwa. Kanuni ya karatasi inafahamu la kumwambia mtu aliyeunganishwa moja kwa moja na jibu. Msaidizi aliye nyuma hana jibu lake sahihi la kulinganisha nalo. Hakuna kisu kinachokata ndani yake.

Kinachofanyika ni kurudisha lawama nyuma kupitia uzito uleule. Chukua taa yetu. Tuseme imewaka wakati ilitakiwa izime, kwa hiyo jumla ya mwisho inatakiwa ishuke. Msaidizi wa kwanza ameunganishwa kwa 1, kwa hiyo anaambiwa apunguze sauti. Wa pili ameunganishwa kwa −2, kwa hiyo anaambiwa apaze, tena kwa msisitizo mara mbili, kwa sababu neno lake lina nguvu mara mbili kwenye jibu. Kila mmoja akishapata ujumbe wake, anarekebisha uzito wake kwa dalili zake kama tulivyofanya kwa maembe. Mwaka 1986 David Rumelhart, Geoffrey Hinton na Ronald Williams walichapisha kazi iliyoifanya njia hii ijulikane na wengi.

Ila kuna sharti. Ndiyo na hapana ya kukata haifai tena. Ukimwambia msaidizi apunguze sauti kidogo, na yeye anajua kupiga kelele au kunyamaza tu, kusogea kidogo hakutaonekana popote na hutajua kama amesogea upande sahihi. Kwa hiyo kila nyuroni inapewa jibu laini, namba yoyote kati ya 0 na 1, inayopanda polepole jumla inapopanda. Hili nililisema kwa sentensi chache na mchoro wa mstari uliopinda, na naona linatosha kwa jioni ya kwanza. Aliyetaka hesabu ya mteremko nilimwelekeza kwenye kikao cha wiki iliyofuata.

Muda ulinizidi, na mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuangalia saa. Ukipanga kufanya maembe na swichi zote mbili, ondoa utangulizi wowote kuhusu simu, tafsiri na magari yanayojiendesha. Projekta pia haihitajiki, na hilo lilinifaa kwa kuwa umeme ulicheza. Ubao, karatasi tatu na kalamu nene zinatosha.

Jambo moja lilibaki ambalo mfano wangu unalificha, na nililitaja tukiwa tumeshaanza kula embe. Dalili zetu zilikuwa na majina: rangi, ulaini. Katika kusoma tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, mkusanyo maarufu wa mazoezi uitwao MNIST una picha 60,000 za kufundishia, na kila picha ni vinukta 28 kwa 28. Nyuroni moja tu inayoitazama picha hiyo ina uzito 784, na hakuna hata mmoja unaostahili jina. Wasaidizi nao hawatumwi waangalie "angalau moja" au "zote mbili". Wanajitafutia wenyewe cha kuangalia, na mara nyingi ukiwachungulia huwezi kusema wameona nini.

Siku chache baadaye kijana mmoja alinijia na kompyuta yake. Alikuwa ameandika mtandao wa taa ya ngazi, wasaidizi wawili, jibu laini, kila kitu, na haujifunzi: jibu lilikuwa limeganda kwenye 0.5 kwa mistari yote minne. Kanuni yake haikuwa na kosa. Alikuwa ameanza na uzito wote 0, kama tulivyoanza na karatasi. Kwa nyuroni moja hakuna neno, lakini wasaidizi wawili walioanza sawa wanapata lawama sawa, wanarekebisha sawa, na wanabaki mapacha milele, kwa hiyo ni kama una msaidizi mmoja. Tulibadilisha mstari mmoja ili kila uzito uanze na namba ndogo ya kubahatisha, tofauti na ya mwenzake. Kosa likaanza kushuka. Kwa kuwa wasaidizi ni wawili tu, zipo bahati mbaya za mwanzo ambazo unakwama hata hivyo. Hapo badilisha namba ndani ya `random.seed()` uanze upya, au ongeza msaidizi wa tatu.